Samaki wa Swali

Wageni waliofika kwenye lile shamba la mbuni walikuwa na ombi moja. Ungewapitisha kwenye chumba cha kuangulia mayai, ukawapa yai la kushikwa kwa mikono miwili, ukawaonyesha kifaranga aliyetoka gandani asubuhi ile bado amelowa, na mwisho wa yote wangekuuliza: sasa kichwa mchangani je? Walitaka kumwona mbuni amefukia kichwa. Jambo hilo wamelisikia tangu utotoni, wamelitumia kuwasema waume zao na mabosi wao wasiotaka kuona ukweli, na sasa wamemfikia mbuni mwenyewe. Hawakuwa tayari kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kazi ya kuwaridhisha ilikuwa ya Baba Swali. Yeye ndiye aliyewatunza mbuni na ndiye aliyewatembeza wageni, kwa sababu meneja aligundua mapema kwamba mtu huyu ana mdomo mtamu. Kila asubuhi kabla lango halijafunguliwa alichukua sepetu, akachimba mashimo mchangani karibu na uzio, akatia mahindi yaliyopondwa chini kabisa. Wageni wakishajipanga, anafungua kigeti cha ndani. Mbuni wanakuja mbio, wanainamisha zile shingo hadi vichwa vinapotelea shimoni, na simu zote zinatoka mifukoni. Watu wanacheka, wanapigana viwiko, na kila mmoja anamtajia jirani yake mtu anayefanana na ndege huyo.

Yeye mwenyewe alijua ukweli kuliko alivyojua kiganja chake. Mbuni hafukii kichwa. Angefukia angekosa pumzi kama kiumbe mwingine yeyote. Dume huparua kishimo kifupi ardhini, majike hutaga humo, na anayeatamia huinama mara kwa mara kuyageuza mayai kwa mdomo. Kichwa chenyewe ni kidogo mno kwa mwili ule, hivyo anayetazama kwa mbali huona kiwiliwili tu na kuhitimisha kwamba kilichobaki kimezikwa. Hatari ikija, mbuni hukimbia. Akiwa amelalia mayai na hataki kuyaacha, hulaza shingo yake chini, bapa kabisa, akawa kama kichuguu. Lakini macho huwa wazi. Anaona kila kitu.

Haya yote aliyajua, na kila asubuhi alichimba mashimo. Hakuona ubaya wowote. Watu wamekuja kufurahi, wafurahi.

Aliyeona ubaya alikuwa binti yake. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye karatasi za shule tu, maana tangu alipojua kusema watu walimwita Swali, na wazazi wake wakawa Baba Swali na Mama Swali kwa mtaa mzima. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Mtoto huyo hakuwa wa kupewa jibu akaenda zake. Alilizungusha, akalinusa, kisha akarudi nalo. Alipofika darasa la tano baba yake alimchukua likizo moja kwenda naye kazini, akiwa na hamu ya kujivuna mbele yake. Swali alisimama kwenye uzio katikati ya wageni, akalitazama onyesho lote bila kucheka. Wageni walipoondoka alipita chini ya waya, akachungulia shimo, akatoa punje ya mahindi na kuiweka kwenye kiganja cha baba yake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema kitu, na kwa Swali kunyamaza kulikuwa ugonjwa. Alipofungua mdomo, alimuuliza baba yake kwa nini anawadanganya watu waliomwamini. Baba Swali akaleta mzaha. Akasema watu hupenda kuonyeshwa kile wanachokijua tayari, na kwamba hata ukiwaambia ukweli watausahau kabla ya kufika langoni, kama wale samaki wao wa dhahabu ambao kumbukumbu yao ni ya sekunde tatu.

Hapo ndipo alipokosea, maana alimpa Swali kazi.

Samaki hao walikuwa watatu. Walikaa kwenye tangi la kioo katika chumba cha mbele, pembeni ya cherehani ya Mama Swali, aliyekuwa fundi nguo na aliyewapokea wateja wake humo humo. Aliyewauzia alikuwa amesisitiza wachukue bakuli dogo tu, kwamba samaki wa dhahabu akimaliza mzunguko mmoja ameshasahau alipoanzia, hivyo bakuli kwake ni bahari. Swali alikataa bakuli, akalia mpaka likanunuliwa tangi. Sasa akamwambia baba yake waahidiane. Akiweza kuwafundisha samaki jambo, na wakalikumbuka, baba atayafukia mashimo. Baba Swali alicheka, akampa mkono kama wanavyopeana wanaume.

Mtoto akachukua kikombe chekundu cha plastiki. Kila asubuhi alikishikiza kwenye kioo, kona ya kushoto, akasubiri kidogo, kisha akanyunyiza chakula kona hiyo hiyo. Basi. Hakufanya jingine. Siku za mwanzo samaki walikiona kikombe wakaendelea na mambo yao. Baadaye mmoja akaanza kusogea kabla chakula hakijadondoka. Muda si mrefu wote watatu, wakiona tu wekundu ule unakaribia, waliiacha mimea yao ya plastiki wakakimbilia kona ya kushoto, vinywa juu, mikia inatetemeka. Mama Swali alikuwa akisimamisha cherehani ili atazame.

Mara moja Baba Swali alirudi kutoka kazini na kiu, akakichukua kikombe kile akanywea maji mbele ya tangi. Swali alimnyang'anya.

"Baba, hiki hakitoki bure," alimwambia. "Kikitoka lazima chakula kiwepo. Utawaharibia."

Baba alimwomba radhi kwa kumpigia magoti, mama akacheka mpaka akajichoma sindano.

Kisha Swali akakificha kikombe, akaenda kwa bibi yake likizo yote ndefu, na huku nyuma samaki wakalishwa katikati ya tangi bila kikombe. Aliporudi, hata viatu hakuvua. Akamwita baba, akamwita mama, akakisogeza kikombe kwenye kioo. Samaki wakageuka wote kwa pamoja, wakaenda kona ya kushoto kumngoja.

Swali hakushangilia. Alimtazama baba yake tu, na baba akasema sawa, mwanangu, nimeshindwa. Mashimo nitayafukia. Lakini msimu wa wageni ndio umeanza, meneja hatanielewa, tuache kidogo upite. Swali alikubali kwa sababu alimwamini.

Msimu haukuwa umepita alipoamka akisema kichwa kinamuuma na shingo haigeuki. Hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo. Walifanya waliyoweza, na wazazi wake walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda wakimshika mikono, na haikusaidia. Mtoto aliyeamka na homa mwanzoni mwa juma, mwisho wa juma alizikwa. Siwezi kulisema kwa maneno mengi kuliko hayo, na wao pia hawakuweza.

Watu walijaa nyumbani kwao, kisha wakapungua, kisha wakabaki majirani, na majirani nao wakawa hawajui wawaiteje. Ungemsikia mtu anaanza "Mama S..." halafu anameza, anasema "dada". Mama Swali aliwaambia waache upuuzi. Yeye ni Mama Swali, na atakufa akiwa Mama Swali.

Baba Swali alirudi shambani. Alichimba mashimo yake, alifungua kigeti, alisema mizaha ile ile mahali pale pale. Nyumbani aliwalisha samaki kila asubuhi kabla ya kutoka, katikati ya tangi, haraka, uso kando. Kikombe hakukigusa. Hakuweza kukigusa.

Aliyekigusa alikuwa mkewe. Alikuwa anapanga kabati, akakitoa, akapita nacho chumba cha mbele bila kuwaza. Samaki wakageuka. Wakaja mbio kona ya kushoto, wote watatu, vinywa juu. Baba Swali alikuwa mlangoni anavua viatu. Aliona mkewe amesimama na kikombe mkononi, mdomo wazi, halafu akaona anaanguka. Alimdaka. Walikaa chini sakafuni, wakalia kama hawajawahi kulia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi walilia pamoja.

"Wanamkumbuka," mama alisema. "Baba Swali, bado wanamkumbuka."

Kuanzia siku hiyo nyumba ilipata kitu cha kushikilia. Mama Swali aliamka akaenda kwenye tangi. Alishona gauni upande mmoja, akasimama, akakisogeza kikombe. Mteja aliyekuja kupimwa alionyeshwa. Shangazi yake Swali alikuja kutoka mbali kutoa pole, akaonyeshwa, akaonyeshwa tena kabla ya kuaga. Chakula hakutia, maana mumewe alikuwa ameshawalisha asubuhi, na Swali mwenyewe ndiye aliyewafundisha wazazi wake kwamba samaki wa dhahabu hula chochote utakachompa na mabaki huchafua maji yakamuua. Basi alikishikiza tu kikombe, akawatazama wakija, akaongea nao. Alianza kula. Alianza kulala. Mumewe alisikia siku moja anaimba huku akikanyaga cherehani, na akasimama nje ya mlango asije akaikatisha sauti ile.

Halafu samaki wakaanza kuchelewa.

Mwanzoni ilikuwa kidogo. Walikuja, lakini kivivu, wakageuka nusu ya njia. Baadaye wawili walikuja na mmoja akabaki kwenye mimea. Mama Swali alibadilisha maji. Alisugua kioo. Alibadilisha taa ya chumba akidhani wekundu hauonekani vizuri. Kadiri walivyozidi kukaidi ndivyo alivyozidi kukitoa kikombe, asubuhi, mchana, baada ya kila mshono, akikigonga kwenye kioo kwa kucha. Ikafika siku akakishikiza pale mpaka mkono ukafa ganzi, na samaki wote watatu wakaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kitu.

Mumewe alimkuta bado amekishikilia. Akataka kumfariji, na binadamu akikosa la kusema hunyakua lililo karibu.

"Ni samaki tu, Mama Swali," alisema. "Kumbukumbu zao unazijua. Sekunde tatu."

Mkewe aligeuka polepole.

"Hilo mwanangu alikuonyesha kwa macho yako kwamba ni uongo," alisema. "Ukamwahidi. Na kila asubuhi bado unakwenda kuchimba."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Baba Swali alitoka akaenda kukaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, na maneno yale yakakaa naye. Tangu hapo Mama Swali akaacha tena kula. Cherehani ikanyamaza. Nguo za wateja zikalundikana bila kushonwa, na mumewe akaona wazi kwamba anampoteza na huyu pia, na kwamba hajui la kufanya.

Katika hali hiyo ndipo shule ilipoleta wanafunzi shambani. Meneja alimwambia asubuhi hiyo hiyo kwamba kuna darasa zima linakuja, achimbe mashimo ya kutosha. Alichimba. Mlango wa basi lao ulipofunguliwa, akaiona sare ya shule, akaona nyuso, akaegemea sepetu. Lilikuwa darasa la Swali. Waliketi naye madawati yale yale, sasa wamepanda darasa na wamerefuka, kila mmoja amerefuka.

Mwalimu wao wa sayansi hakujua kwamba anayetembeza wageni shambani ni baba yake Swali. Alimtambua, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kuomba msamaha kwa kumletea maumivu kazini. Baba Swali alisema hapana, mwalimu, wamekaribishwa. Watoto walikuwa wanaandikishwa langoni, na katika dakika hizo chache, bila kupanga, akamweleza habari za samaki. Alimweleza yote: kikombe, kona, namna walivyokuja, namna mkewe alivyokuwa akiwaita na wakaja, na sasa hawaji. Akauliza kama samaki wamezeeka au wamesahau.

 Mwalimu aliuliza kama mama alikuwa anawapa chakula alipokuwa akiwaonyesha kikombe.

"Hapana," alisema Baba Swali. "Mimi nawalisha asubuhi. Katikati."

"Basi hawajasahau," mwalimu alisema kwa upole. "Kusahau kungewachukua miezi mingi. Wamejifunza jambo jipya. Kila kikombe kilipotoka bila chakula, waliweka akilini kwamba kikombe hakileti kitu tena."

Baba Swali alisikia sauti ya mwanawe waziwazi kabisa, kali, na mkono mdogo unaonyang'anya: hiki hakitoki bure. Alikuwa ameambiwa. Siku ile mkewe alikuwa anacheka na sindano kidoleni, huenda hakusikia, lakini yeye alisikia, tena alipiga magoti.

Watoto walikuwa wamefika kwenye uzio. Meneja naye amefika, ameweka mikono nyuma, anatabasamu. Mvulana mmoja akauliza mbuni wanafukia vichwa saa ngapi. Kabla Baba Swali hajapata pumzi, msichana mwembamba aliyesimama mbele, yule aliyekuwa jirani wa Swali darasani, akamjibu mwenzake kwa sauti ya mtu anayejua.

"Hawafukii. Swali alituambia. Alisema ni mashimo ya chakula, na baba yake alimwahidi atayaziba."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatoa taarifa tu. Kisha akamtazama Baba Swali, akamtambua kutoka msibani, akajificha nyuma ya mwenzake.

Baba Swali alichukua sepetu. Aliingia ndani ya uzio, akayafukia mashimo moja baada ya jingine mbele ya watoto, akakanyaga mchanga kwa buti mpaka ukalala sawasawa. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Alipomaliza aliwapeleka kwenye kona ya mbali, ambako jike mmoja alikuwa ameachiwa mayai yake, akawaambia wachuchumae na wanyamaze. Jike aliwaona, akalaza shingo chini. Watoto wakanong'ona kwamba kweli, kichwa hakipo. Akawaambia watazame vizuri. Wakatazama, na mmoja baada ya mwingine wakaliona jicho, jeusi, kubwa, limefunguka, linawaangalia wao.

"Hajajificha asione," aliwaambia. "Anaona yote. Hataki kuondoka, basi."

Meneja alikuwa na maneno yake baadaye, na Baba Swali aliyasikiliza hadi mwisho bila kubisha. Kesho yake alihamishiwa kwenye mabanda ya vifaranga, kazi ya kufagia na kubadilisha maranda, na hakulalamika.

Siku ile ya wanafunzi alifika nyumbani jua bado liko juu. Mama Swali alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, kikombe juu ya meza. Baba Swali alikaa sakafuni karibu naye. Alimweleza kwanza kwamba mashimo ameyafukia. Mkewe aliitikia kwa kichwa. Kisha akafika kwenye lile jingine, na njia nzima alikuwa amejiuliza kama amwambie au amfiche. Alichoka kuficha. Akamwambia.

Alimwambia kwamba samaki hawakumsahau mtoto. Walikuja na kuja, kila walipoitwa, na kila walipofika hapakuwa na kitu. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha, alisema, mimi kwa kuwalisha bila kikombe na wewe kwa kukitoa kitupu. Alijiandaa kwa kilio. Mama Swali hakulia. Aliwatazama samaki wakipita kona ya kushoto, wakiiacha, wakirudi.

"Kwa hiyo wao wameshajua haji," alisema. "Wametutangulia."

Mumewe alimsogelea. Akambembeleza kwamba mwalimu amesema wanaweza kufundishwa tena, tena upesi kuliko mwanzo: kikombe na chakula, kila asubuhi, kona ile ile. Alisema ataanza yeye kesho. Alisema ataacha kuwalisha katikati.

"Tukiwafundisha sisi, watakuwa wanatukimbilia sisi," Mama Swali alisema. "Waliokuwa wanamkimbilia yeye ndio hao wamekwisha."

Alinyanyuka, akachukua kikombe akaenda nacho jikoni. Baba Swali alisikia maji ya bomba, akasikia anakisugua ndani na nje kama chombo chochote kilichotumika, kisha akasikia kabati linafunguliwa na vikombe vingine vinasogezwa kukipa nafasi. Hakurudi mara moja. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alivuta gauni la mteja kutoka kwenye lundo, akatafuta pindo aliloliacha, akaanza kukanyaga cherehani.

Asubuhi Baba Swali aliwalisha samaki katikati ya tangi. Safari hii hakugeuza uso. Samaki walipanda juu wote watatu, wakala, na yeye akasimama pale akiwatazama mpaka chakula kikaisha.